Jedwali dogo kwenye picha: maswali ya unyumbufu wa bei na pato la taifa yanayoulizwa mara kwa mara

Nafundisha uchumi hapa Dodoma. Mchana niko darasani, jioni niko na simu, maana wanafunzi wa kidato cha tano na sita, pamoja na wa mwaka wa kwanza chuoni, wananitumia picha za maswali yaliyowashinda. Karibu zote zinafanana: jedwali dogo lenye mistari mitano au kumi, sentensi moja chini yake, halafu machaguo manne. Maswali wanayoniuliza nayo yanajirudia. Nimeyakusanya hapa na kuyajibu kwa mifano miwili, mmoja wa unyumbufu na mmoja wa pato la taifa. Namba za majedwali nimezitunga mwenyewe ili hesabu ionekane vizuri, hivyo asije mtu akazichukua kuwa takwimu za soko au za nchi.

Mwalimu, nikiona jedwali nianzie wapi?

Anzia juu ya jedwali, kwenye vichwa vya safu. Hapo ndipo penye vipimo: shilingi kwa kilo, kilo kwa siku, bilioni za shilingi. Kisha ruka namba zote, soma sentensi ya mwisho ya swali, uone inaulizwa nini hasa. Baada ya hapo tazama machaguo kabla hujagusa kikokotoo.

Watu wengi hawayatazami machaguo mpaka wamalize hesabu, na hapo ndipo wanaponaswa. Mtunga swali hatungi majibu matatu ya uongo kwa kubahatisha. Anakokotoa jibu sahihi, kisha anajiuliza mwanafunzi atakosea wapi, na kila kosa analiwekea jibu lake. Kwa hiyo kulikuta jibu lako kati ya machaguo hakuthibitishi kwamba umepata. Huenda umeangukia kosa ambalo lilikuwa linakusubiri.

Nimekokotoa unyumbufu nikapata 1.00, mwenzangu kapata 1.29, na majibu yote yapo. Nani kapata?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, kwa hiyo nitalijibu taratibu. Tuseme picha ina jedwali hili la zabibu za mezani zinazouzwa sokoni Majengo:

| Bei (shilingi kwa kilo) | Kiasi kinachotakiwa (kilo kwa siku) |
|---|---|
| 1,000 | 180 |
| 1,500 | 150 |
| 2,000 | 120 |
| 2,500 | 90 |
| 3,000 | 60 |

Swali linasema: bei inapopanda kutoka shilingi 2,000 hadi 2,500, unyumbufu wa mahitaji kwa bei ni upi? Machaguo ni A 0.78, B 1.00, C 1.29, D 1.67.

Wewe umefanya hivi. Kiasi kimeshuka kutoka 120 hadi 90, yaani kilo 30 kati ya 120, ambayo ni asilimia 25. Bei imepanda shilingi 500 juu ya 2,000, nayo ni asilimia 25. Ishirini na tano kwa ishirini na tano ni 1.00. Umetumia namba za mwanzo kuwa kizio.

Mwenzako ametumia wastani. Katikati ya 120 na 90 kuna 105, na katikati ya 2,000 na 2,500 kuna 2,250. Kilo 30 kati ya 105 ni asilimia 28.6, shilingi 500 kati ya 2,250 ni asilimia 22.2. Ukigawanya unapata 1.29.

Sasa tazama D. Aliyechagua D ameanzia chini ya jedwali akapanda juu: kutoka 90 kwenda 120 ni ongezeko la asilimia 33.3, kutoka 2,500 kwenda 2,000 ni punguzo la asilimia 20, na akigawanya anapata 1.67. Hesabu yake haina kosa, ila swali lilisema bei inapanda, yeye ameishusha. Na A ni ya aliyegeuza kanuni juu chini: asilimia 22.2 ya bei akaiweka juu, 28.6 ya kiasi akaiweka chini, akapata 0.78.

Nani kapata kati yako na mwenzako? Maneno ya swali ndiyo yanayoamua. Likisema "kutoka bei hii hadi bei hii" bila kutaja njia, na kwenye machaguo ukaona jibu la kizio cha mwanzo lakini hulioni la wastani, tumia kizio cha mwanzo. Likitaja wastani, sehemu ya kati, au unyumbufu wa tao, tumia wastani. Shida inakuja pale majibu yote mawili yanapokuwepo na swali limenyamaza, kama hapa. Hapo rudi kwenye notsi za mwalimu wako uone kanuni gani ilifundishwa, maana ndiyo inayosahihishiwa. Ukiniuliza mimi nisiye na notsi hizo, nitachagua C, na sababu yake naieleza kwenye swali linalofuata.

Kama unyumbufu ni 1.00, mbona mapato ya muuzaji yameshuka? Si tulifundishwa hayabadiliki?

Mwanafunzi aliyeniuliza hili aliona jambo ambalo vitabu vingi vinalipita. Zidisha bei kwa kiasi kwenye kila mstari wa jedwali letu. Kwa 1,000 muuzaji anapata shilingi 180,000 kwa siku. Kwa 1,500 anapata 225,000. Kwa 2,000 anapata 240,000. Kwa 2,500 anarudi 225,000, na kwa 3,000 anarudi 180,000.

Bei ilipotoka 2,000 kwenda 2,500, mapato yalishuka kwa shilingi 15,000. Kanuni inasema bei ikipanda na mapato yakashuka, mahitaji yananyumbuka, yaani unyumbufu umezidi moja. Lakini hesabu ya kizio cha mwanzo imetoa moja kamili. Kimojawapo kinasema uongo, na jedwali la mapato haliwezi kuwa hicho, kwa sababu ni kuzidisha tu.

Tatizo ni ukubwa wa hatua. Alfred Marshall, aliyeliingiza wazo la unyumbufu kwenye uchumi kwa kitabu chake cha mwaka 1890, alikuwa anazungumzia mabadiliko madogo sana ya bei. Bei ikipanda kwa shilingi 5 kutoka 2,000, haijalishi sana ukitumia kizio cha mwanzo au cha mwisho. Lakini shilingi 500 juu ya 2,000 ni robo nzima. Njiani, kati ya 2,000 na 2,500, unyumbufu wenyewe ulikuwa unaongezeka. Pale penye 2,000 ni moja kweli. Ukifika 2,500 umeshakuwa 1.67. Kizio cha mwanzo kinakupa hali ya pale ulipoanzia, kizio cha mwisho hali ya pale ulipofika, na wastani unaisemea safari yote.

Tena njia ya wastani ina sifa ambayo nyingine hazina: haigombani kamwe na mapato. Mapato yakishuka bei ilipopanda, wastani utakupa zaidi ya moja, hata hatua iwe kubwa kiasi gani. Yakipanda, utakupa chini ya moja. Yakibaki palepale, utakupa moja kamili. Jaribu kutoka 1,500 hadi 2,500 kwenye jedwali letu: mapato ni 225,000 pande zote mbili. Kilo 60 kati ya 120 ni nusu. Shilingi 1,000 kati ya 2,000 ni nusu. Moja kamili. Kwa kizio cha mwanzo ungepata asilimia 40 kwa asilimia 66.7, yaani 0.6, ukaamini kwamba muuzaji atapata zaidi akipandisha bei, kumbe hapati hata shilingi.

Ndiyo maana nawaambia wanafunzi wangu waandike safu ya tatu, ya mapato, pembeni ya picha kabla ya jambo lolote. Ni sekunde thelathini. Kwenye swali letu safu hiyo peke yake inaifuta A, maana kwa wastani chini ya moja haiwezekani mapato yakiwa yameshuka, na inakufanya uitilie shaka B.

Nikiwa sina kikokotoo, wastani huo nitaupataje haraka?

Usitafute wastani. Jumla inatosha, kwa sababu ile mbili ya kugawanyia iko juu na iko chini, zinafutana:

```
E = (Q2 - Q1) / (Q2 + Q1) x (P2 + P1) / (P2 - P1)
```

Kwa zabibu zetu: 30 juu ya 210 ni moja ya saba. 4,500 juu ya 500 ni tisa. Tisa ya saba ni moja na mbili ya saba, karibu 1.29. Sehemu zikirahisishwa mapema, hesabu inaingia kichwani. Anayekimbilia desimali kwenye hatua ya kwanza ndiye anayepata 1.27 au 1.31 akabaki hana uhakika na C.

Alama ya kutoa naiweka au naiacha?

Bei na kiasi kinachotakiwa huenda pande tofauti, kwa hiyo jibu kamili ni hasi: −1.29. Vitabu vingi huiacha alama hiyo kwa mazoea. Tazama machaguo: kama yote ni chanya, iache, kama yote ni hasi, iandike. Yakichanganyika, yenye −1.29 na 1.29 pamoja, mtunzi anapima kama unajua kwamba mahitaji hushuka bei ikipanda, kwa hiyo chagua hasi. Kwenye ugavi jibu ni chanya. Kwenye bidhaa mbili tofauti alama ndiyo jibu lenyewe: chanya ikiwa zinabadilishana, kama mafuta ya alizeti na ya mawese, na hasi ikiwa zinatumika pamoja. Huko usiiache kamwe.

Kila bei ikipanda 500 kiasi kinashuka 30. Si unyumbufu ni uleule jedwali zima?

Hapana. Unachokiona ni mteremko, nao ndio usiobadilika: kilo 30 kwa kila shilingi 500. Unyumbufu unapima asilimia, na kilo 30 kati ya 180 si jambo sawa na kilo 30 kati ya 90. Kwa wastani, kutoka 1,000 hadi 1,500 unyumbufu ni 0.45. Kutoka 2,500 hadi 3,000 ni 2.2. Mstari ni mmoja, bidhaa ni moja, wanunuzi ni walewale.

Ukiona kwenye machaguo namba ndogo ya ajabu kama 0.06, ujue ni ya aliyegawanya 30 kwa 500 akaishia hapo. Njia rahisi ya kuitambua ni kubadilisha kipimo kichwani. Safu ya kiasi ingeandikwa kwa gramu badala ya kilo, 0.06 ingekuwa 60. Unyumbufu wa kweli haubadiliki ukibadilisha kipimo, maana asilimia haina kilo wala shilingi.

Jambo hili linaonekana pia kwa wauzaji wetu. Msimu wa zabibu unapochanganya, bei iko chini, na mama anayeuza akiongeza kidogo wateja hawamkimbii. Bei ikiwa juu tayari, nyongeza ileile inawapeleka kwenye machungwa. Hajasoma unyumbufu, ila anajua ni wakati gani asiguse bei.

Jedwali limetoa bei na mapato tu, kiasi hakipo.

Gawanya mapato kwa bei, utakipata kiasi. Kama bei ni 400 na mapato ni 80,000, kiasi ni 200. Wanaokosea hapa huchukua safu ya mapato wakaifanya kiasi kwa sababu ndiyo safu ya pili na wamezoea kuona kiasi pale. Soma kichwa cha safu.

Kwenye pato la taifa jedwali lina mistari kumi. Nitajuaje upi niuache?

Hapa ndipo picha zinaponiumiza kichwa kweli. Chukua jedwali hili, namba zikiwa bilioni za shilingi za nchi ya kubuni:

| Kipengele | Kiasi |
|---|---|
| Matumizi ya kaya | 620 |
| Uwekezaji ghafi | 210 |
| Matumizi ya serikali kwa bidhaa na huduma | 150 |
| Mauzo ya nje | 130 |
| Manunuzi kutoka nje | 170 |
| Mapato safi kutoka nje | (20) |
| Uchakavu wa mitambo na majengo | 60 |
| Kodi zisizo za moja kwa moja | 95 |
| Ruzuku | 15 |
| Pensheni na misaada kwa kaya | 40 |

Swali: tafuta pato la taifa, yaani pato safi la taifa kwa gharama ya nyenzo za uzalishaji. Machaguo: A 780, B 820, C 840, D 860.

Usianze kujumlisha kutoka juu kwenda chini. Lisome jina la kinachotafutwa neno kwa neno, kwa sababu kila neno ni hatua moja. "Pato la ndani" linakwambia simamia mipaka ya nchi. "La taifa" linakwambia ongeza au punguza mapato safi kutoka nje. "Safi" linakwambia toa uchakavu. "Kwa gharama ya nyenzo" linakwambia toa kodi zisizo za moja kwa moja na urudishe ruzuku.

Twende. Pato ghafi la ndani kwa bei za soko ni 620 jumlisha 210 jumlisha 150 jumlisha 130, toa 170. Ni 940. Manunuzi ya nje yanatolewa kwa sababu yamo tayari ndani ya ile 620, 210 na 150: simu iliyotengenezwa ng'ambo na kununuliwa hapa imehesabiwa kwenye matumizi ya kaya, na kwa kuwa haikuzalishwa hapa lazima itoke.

Mapato safi kutoka nje ni kutoa 20, kwa hiyo pato ghafi la taifa ni 920. Toa uchakavu wa 60, linabaki 860. Bado tuko kwenye bei za soko, ambazo ndani yake kuna kodi ambayo mzalishaji hakuipata, na hakuna ruzuku ambayo aliipata. Toa 95, rudisha 15. Jibu ni 780, yaani A.

Mstari wa pensheni haukuguswa kabisa. Serikali inapomlipa mstaafu haijanunua kitu kilichozalishwa mwaka huu. Fedha imehama mfuko. Mstaafu akinunua unga kwa fedha hiyo, unga umo kwenye matumizi ya kaya. Ukiihesabu pensheni tena, umehesabu mara mbili.

Mimi nilipata 820. Nimekosea wapi?

Hilo jibu lina milango miwili, ndiyo maana napenda kuomba picha ya hesabu pamoja na picha ya swali. Mlango wa kwanza ni kujumlisha pensheni: 780 na 40 ni 820. Mlango wa pili ni ile (20).

Msichana mmoja wa Chang'ombe alinitumia swali la namna hii akiwa na uhakika kwamba majibu ya nyuma ya karatasi yamekosewa. Nilikuza picha. Karatasi ilikuwa imekunjwa mara nne kama barua, na mkunjo umepita juu ya mstari wa mapato kutoka nje. Mabano yalikuwa yamefifia, limebaki doa kila upande wa namba. Yeye alisoma 20, akajumlisha: 940 na 20 ni 960, toa 60, toa 95, rudisha 15, ni 820. Hesabu yake haikuwa na dosari hata moja.

Kwenye majedwali ya fedha, namba iliyo ndani ya mabano ni hasi. Wahasibu wanaandika hivyo ili alama ya kutoa isipotee, na kwa bahati mbaya kwenye picha ya simu mabano yanapotea vilevile. Ukiona namba ya mapato safi kutoka nje haina alama, kuza picha kabla ya kujumlisha. Kumbuka pia kwamba kwa nchi kama yetu mstari huo huwa hasi: faida na riba zinazokwenda kwa wenye mitaji walio nje huzidi zile zinazoingia, kwa hiyo pato la taifa huwa dogo kuliko pato la ndani. Hiyo haithibitishi kilichoandikwa kwenye karatasi yako, ila inakupa sababu ya kuangalia mara ya pili.

Na 840 je? Na 860?

840 ni ya aliyesahau uchakavu: 920 toa 80. 860 ni ya aliyeishia kwenye bei za soko. Wa 860 nawaonea huruma zaidi, maana wamefanya kazi karibu yote wakasimama hatua moja kabla ya mlango.

Kwenye taarifa ya habari "pato la taifa" ni lipi?

Ni pato ghafi la ndani, lile la 940 kwenye mfano wetu. Ofisi ya Taifa ya Takwimu, ambayo makao yake makuu yako hapahapa Dodoma, ikitangaza ukuaji wa pato la taifa inazungumzia thamani ya kilichozalishwa ndani ya mipaka. Vitabu vya shule vinalitumia jina hilohilo kwa pato safi kwa gharama ya nyenzo. Kiswahili hakijatenganisha majina haya vya kutosha, na mwanafunzi anayesikiliza redio asubuhi na kufanya mtihani mchana anabeba maana mbili kwa jina moja. Kwenye mtihani fuata maelezo ya swali.

Jambo jingine linalohusiana: ile hatua ya "gharama ya nyenzo" utaikuta kwenye mitihani, lakini ukitafuta kwenye majedwali ya sasa ya takwimu za nchi hutaiona. Mwongozo wa kimataifa wa hesabu za taifa wa mwaka 1993, na ule wa 2008 uliofuata, haukuendelea kuitumia; umetumia bei za msingi na bei za soko. Usidhani umepakua jedwali lisilo kamili.

Jedwali la mkulima, kinu na duka: najumlisha mauzo yote?

La. Tuseme mkulima wa Singida anauza mbegu za alizeti za 300 kwa mwenye kinu. Kinu kinakamua na kuuza mafuta ya 520 dukani. Duka linawauzia walaji kwa 600. Ukijumlisha mauzo unapata 1,420, na namba hiyo utaikuta kwenye machaguo ikikungoja. Lakini mbegu za 300 zimo ndani ya 520, na 520 imo ndani ya 600. Alichoongeza mkulima ni 300, kinu 220, duka 80. Jumla yake ni 600, sawasawa na alicholipa mlaji wa mwisho. Zisipolingana, kuna mstari umeusoma vibaya. Kama kinu kimeuza na mashudu, hayo ni mauzo ya kinu pia na yanaongezwa kwenye upande wake. Wanafunzi huyasahau kwa sababu yameandikwa chini kabisa ya jedwali, wakati mwingine kwenye maelezo nje ya mistari.

Swali linataka ukuaji "halisi", na jedwali lina fahirisi ya bei.

Gawanya kwanza kwa fahirisi, kisha tafuta asilimia. Pato likiwa 940 fahirisi ikiwa 100, na mwaka mwingine 1,150 fahirisi ikiwa 115, pato la pili kwa bei za mwaka wa kizio ni 1,000. Ukuaji ni 60 kati ya 940, asilimia 6.4. Anayesahau fahirisi anapata 22.3. Anayetoa 15 kwenye 22.3 anapata 7.3, ambayo ni makadirio tu, na mbaya zaidi kadiri mfumuko unavyokuwa mkubwa. Takwimu zetu za sasa za Tanzania huchapishwa kwa bei za mwaka husika na kwa bei za mwaka 2015. Jedwali lenye safu hizo mbili lisomwe kichwa kabla ya namba.

Nikituma picha, niipigeje?

Nyosha karatasi mezani, simama ili kivuli chako kiangukie upande mwingine, na uchukue jedwali lote pamoja na mstari ulio juu yake. Mstari huo wa juu ndio unaokatwa mara nyingi, na ndio unaosema "maelfu ya kilo" au "bilioni". Kwenye unyumbufu kuukata hakubadilishi jibu, kwa sababu asilimia ni asilimia. Kwenye pato la taifa kunaweza kulibadilisha mara elfu. Chukua na machaguo yote manne, hata lile unaloliona la kipuuzi, halafu piga picha ya pili ya hesabu yako ulivyoiandika, pamoja na ulipofuta. Kwenye ile 820, hesabu ndiyo iliyoniambia ni mlango upi, na hesabu hiyo ilikuwa imeandikwa kwa penseli pembezoni, nusu yake nje ya picha.